Beseni Moja, Mikono Minane

Kabla watoto hawajaanza kupimwa uzito, nesi wa zahanati moja ya mkoa wa Pwani anaweka mezani beseni la maji, chupa ya mafuta ya kula na kisosi chenye mkaa uliosagwa. Akina mama wamekaa kwenye mabenchi, kadi za kliniki mkononi, watoto mapajani. Bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake amekaa mbele kabisa. Nesi anamwamkia kwanza, "Shikamoo bibi," kisha anaomba akina mama wanne wasogee.

Watatu kati yao anawatilia tone la mafuta kiganjani, anawanyunyizia mkaa na kuwaambia wasugue. Viganja vinakuwa vyeusi. Wa nne hapakwi kitu, mikono yake ni safi. Halafu wote wananawa ndani ya beseni lile lile, mmoja baada ya mwingine, bila sabuni, kama watu wanavyofanya chakula kinapotengwa. Wa kwanza anatoka na mikono yenye rangi ya kijivu. Wa tatu anaingiza mikono kwenye maji meusi yenye utando wa mafuta unaoelea juu. Wa nne, yule asiyepakwa chochote, anatumbukiza mikono yake misafi, anaitoa, na nesi anawaomba wenzake wasogee waitazame vizuri: weusi umejichora kuzunguka kila ukucha na kwenye mikunjo ya vidole.

"Huyu dada kanawa," anasema nesi. "Na kanawa ndiyo akachafuka."

Onyesho hilo linaanza mahali panapostahili, kwa sababu karibu kila mtu anayefika kliniki tayari anajua kwamba mikono inapaswa kunawiwa. Kinachopotea ni namna ya kunawa. Maji yaliyotuama kwenye beseni huondoa uchafu wa mtu wa kwanza na kuwakabidhi wanaofuata. Na kwa kuwa adabu ya mezani huwatanguliza wakubwa, mtoto mdogo mara nyingi ndiye anayefika mwisho, maji yakiwa yamekwisha kupita mikono ya baba, mjomba na kaka zake. Mwenye kinga dhaifu kuliko wote ndiye anayenawa maji machafu kuliko yote.

Ajabu ni kwamba dawa ya tatizo hili imo katika desturi ya nyumbani. Mgeni anaponawishwa kwa birika au jagi, mwenyeji humimina, maji hupita mikononi na kuangukia kwenye beseni, na hakuna anayeyagusa tena. Hapo beseni linafanya kazi yake halisi, kupokea maji yaliyokwisha tumika. Kosa huingia pale jagi linapoachwa jikoni kwa haraka na kila mtu akatumbukiza mkono mwenyewe.

Maji yanayotiririka ni nusu ya kazi. Nesi anamwaga yale ya kwanza, anawapaka tena mafuta na mkaa, na safari hii anawamiminia maji safi kwa jagi. Mkaa unapungua, lakini mikono inabaki na utelezi na weusi haukubali kuisha. Ndipo anapotoa kipande cha sabuni ya mche. Ngozi ya mkono huwa na mafuta yake ya asili, na vijidudu pamoja na chembe za kinyesi zisizoonekana hunasa kwenye mafuta hayo. Maji peke yake huteleza juu yake. Sabuni hushika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande wa pili, kwa hiyo mafuta yanapoachia ngozi, yaliyonasa humo huondoka nayo. Ila sabuni inahitaji kusuguliwa ili ifike kwenye mikunjo: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, dole gumba, na ncha za vidole zikikwaruza kiganja ili povu liingie chini ya kucha. Sekunde 20 zinatosha. Dole gumba na kucha ndizo husahaulika zaidi, na ndizo zinazotumika kumega tonge.

Tofauti hii imepimwa. Mwaka 2011 watafiti wa London walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu 20 walishika vitasa vya milango na vyuma vya kushikilia katika sehemu za umma. Kisha wakati mwingine hawakunawa, wakati mwingine walinawa kwa maji tu, na wakati mwingine kwa maji na sabuni. Bakteria wa aina inayotokana na kinyesi walipatikana katika asilimia 44 ya vipimo vya mikono isiyonawiwa, asilimia 23 vya iliyonawiwa kwa maji matupu, na asilimia 8 vya iliyonawiwa kwa sabuni. Maji yalisaidia, na pale ambapo hakuna kingine yatumike. Sabuni ilisaidia zaidi sana.

Swali la sabuni ipi huulizwa kila mara, maana madukani zipo zinazotangazwa kuwa zinaua vijidudu, na bei yake ni kubwa. Jibu zuri lilitoka Karachi, Pakistani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005. Familia za mitaa ya watu wa kipato cha chini zilipewa sabuni na kutembelewa mara kwa mara kuhimizwa kunawa. Watoto wao waliugua kuhara kwa takriban nusu ya kiwango cha familia ambazo hazikupewa, na nimonia kwa watoto wa chini ya miaka mitano nayo ilipungua kwa nusu. Waliopewa sabuni yenye dawa hawakupata nafuu kuliko waliopewa ya kawaida. Kipande cha sabuni ya kufulia kinatosha kabisa, na mama asijinyime unga kwa ajili ya kununua sabuni ya gharama.

Jambo ambalo nesi analikazia kwa muda mrefu zaidi ni wakati wa kunawa. Hapo anafuata asubuhi ya mama mmoja, hatua kwa hatua. Mtoto wa miezi minane amejisaidia kwenye nepi. Mama anamfuta, anaisuuza nepi, anapangusa mikono kwenye kanga. Uji umeshaanza kuchemka, anaukoroga, hapo mwiko unapokea kile kilichobaki mkononi. Mtoto mkubwa anaomba maji. Mama anachota kwa kikombe kwenye ndoo yenye kifuniko, na vidole vyake vinazama sentimita moja au mbili ndani ya maji ya kunywa. Ndoo ilifunikwa vizuri usiku kucha, maji yalichemshwa jana. Sasa familia nzima inakunywa kilichotoka kwenye nepi.

"Lakini kinyesi cha mtoto mchanga hakina neno," anasema bibi wa benchi la mbele. "Ananyonya tu."

Wengi wanaamini hivyo, na nesi hamkatizi. Anamweleza kwa upole kwamba mtoto anayetambaa hushika sakafu, hutia kila kitu mdomoni, na anaweza kubeba vijidudu vya kuhara kama mtu mzima. Kinyesi chake kitupwe chooni, na anayemsafisha anawe kwa sabuni papo hapo, kabla ya kushika kitu kingine.

Njia hiyo kutoka mkononi hadi kwenye ndoo siyo nadharia. Watafiti waliofanya kazi Dar es Salaam waligundua kwamba uchafu wa mikono ya akina mama ulihusiana na uchafu wa maji yaliyohifadhiwa ndani ya nyumba. Utafiti mwingine, wa Bagamoyo, ulionyesha kwamba mikono iliyokwisha safishwa huchafuka tena upesi kwa shughuli za kawaida za nyumbani. Mama aliyenawa vizuri sana saa moja asubuhi hana akiba ya usafi wa saa nne. Ndiyo maana nesi hawaambii wanawe mara nyingi kwa siku. Anawapa nafasi chache za lazima: baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kushika chakula, kabla ya kula au kulisha. Na maji ya kunywa yachotwe kwa kata yenye mkono mrefu, au ndoo iwe na koki.

Hapo mama mmoja wa nyuma anasema ukweli wa nyumbani kwake. Maji ananunua kwa dumu, sabuni huisha ikiwa imeachwa nje, na mtoto hawezi kujimiminia jagi. Kwa watu kama yeye nesi amening'iniza kibuyu chirizi nje ya mlango: dumu la lita tano linaloning'inia kwenye fito iliyopita katika mkono wake, na kamba inayotoka shingoni hadi kwenye kijiti kilicholala chini. Ukikanyaga kijiti, dumu linainama na maji yanachirizika kupitia tundu lililotobolewa kwa msumari wa moto. Ukiachia, linajirudi. Mkono mchafu haugusi kitu, na maji ya kunawa mara moja hayajazi hata glasi.

Watu wengi wakitengeneza kwa mara ya kwanza, linawashinda kwa sababu ndogo. Tundu likitobolewa chini mno, maji yanavuja mchana kutwa. Linatakiwa liwe sehemu ya juu, na maji yajazwe yaishie chini ya tundu dumu linaposimama wima. Maji yakitoka kwa kukatakata, hewa haiingii, basi kifuniko kilegezwe kidogo. Sabuni huning'inizwa kwa kamba ndani ya soksi kuukuu au wavu, chini ya kopo lililopinduliwa kuzuia mvua, kwa kuwa kunguru nao huiba sabuni. Au iachwe kabisa: gramu 30 hivi za sabuni ya unga zikoroge katika lita moja na nusu ya maji, utie kwenye chupa yenye kifuniko kilichotobolewa. Maji hayo ya sabuni hayavutii mwizi, na kila mtu anaminya matone machache tu.

Baada ya kunawa, mikono ikaukie hewani au ifutwe kwa kitambaa safi. Pindo la kanga iliyobeba mtoto linarudisha ulichotoa. Vitakasa mikono vya chupa navyo vina mpaka wake: havifanyi kazi vizuri kwenye mikono yenye matope au mafuta, na mayai ya minyoo hayauawi navyo. Shambani au sokoni, maji na sabuni ndiyo ya kutafutwa.

Wiki zinazofuata, mhudumu wa afya ngazi ya jamii hupita nyumba kwa nyumba, na hahitaji kuuliza kama wenyeji wananawa. Anaangalia sabuni kama ni laini na imeliwa pembeni, na ardhi chini ya dumu kama ina unyevu. Akikuta sabuni imekauka hadi kupasuka na dumu ni tupu, hamgombezi mtu. Anamuuliza mama jiko liko wapi na choo kiko wapi, anahesabu hatua, na mara nyingi wanaishia kung'oa vijiti pamoja na kulisogeza dumu mahali ambapo mama hupita akitoka chooni kuelekea jikoni.