Waifai Inayokwama Saa Mbili Usiku

“Waifai mbovu” ni lawama tu. Mwenye nyumba hawezi kuipelekea fundi. Kabla ya kumwandikia, pima kasi mara mbili, saa nne asubuhi na saa mbili usiku, ukiwa umechomeka kompyuta kwa waya kwenye ruta ya jengo. Kwa waya ikiwa nzuri usiku lakini chumbani inakokota, tatizo ni mawimbi: kuta nene, au ruta za majirani zinazogombania masafa. Kifurushi kikubwa zaidi hakitasaidia hapo. Ikianguka hata kwa waya, laini imezidiwa.

Tuseme jengo lina nyumba 16 na laini ya megabiti 30. Video safi hula kama megabiti 5, kwa hiyo watazamaji sita tu wanaimaliza. Ujumbe basi uwe hivi:

“Shikamoo mzee. Kwa waya, asubuhi napata megabiti 28, usiku 3, siku tatu mfululizo. Naomba tuongezewe hadi 100, na fundi aweke ukomo kwa kila nyumba. Nyongeza ya bei tuko tayari kuchangia.”

Ukomo huo usisahaulike, maana mpakuaji mmoja wa filamu humeza hata hiyo mia.