Fahamu: Kwa nini betri za kuchaji za kipanya huisha haraka

Kipanya au kibodi isiyo na waya hula umeme kidogo sana. Ikiwa betri zilizochajiwa zinaisha baada ya siku chache, mara nyingi kosa ni la betri zenyewe.

Chanzo

Betri za NiMH za kawaida huvuja chaji hata zikikaa bure, na zikizeeka huvuja zaidi. Zichaji, ziweke mezani wiki moja, kisha uzitumie: zikiwa zimeisha, zimechoka. Onyo la chaji ndogo pekee si ushahidi, maana NiMH ni volti 1.2, si 1.5 kama alkalaini.

Ukinunua betri mpya

Tazama saizi, AA au AAA, kisha tafuta NiMH zinazohifadhi chaji, zilizoandikwa "low self-discharge" au "ready to use". AA nzuri za aina hii huwa na takriban 2000 mAh. Ukiona 4000 mAh, achana nazo. Hakuna AA ya NiMH inayofika hapo.

Jihadhari na 14500: inalingana na AA kwa umbo, lakini ina volti 3.7 na inaweza kuunguza kipanya.