Kufanya Kwetu Kumoja, Kwao Kuwili

Afisa ununuzi anamwandikia bosi wake barua pepe. Nimeitunga mwenyewe, lakini sentensi za aina hii si ngeni kwa aliyewahi kufanya kazi katika ofisi za Dar es Salaam au Nairobi:

"We made a research on the three suppliers. Last month we did a mistake and did the payment twice. Kindly do a decision by Friday. We will make the meeting on Thursday."

Kikagua tahajia hakina cha kupigia mstari mwekundu hapo, maana kila neno limeandikwa sawasawa. Kasoro ipo kwenye maneno yaliyowekwa pamoja. Na mwandishi ameyaweka hivyo kwa sababu anafikiri kwa Kiswahili, ambamo kitenzi kimoja kinatosha: tunafanya kosa, tunafanya utafiti, tunafanya malipo, tunafanya uamuzi. Wala si sisi peke yetu. Mfaransa ana "faire" na Mjerumani ana "machen", na kila mmoja hutumia kitenzi chake hicho hata kwenye kosa. Wakija kwenye Kiingereza nao huteleza.

Shuleni wengi tulifundishwa kwamba "make" ni kutengeneza kitu na "do" ni kutenda jambo. Kwa chai na kazi za nyumbani kanuni hiyo inafaa. Ofisini inaanza kuyumba. Simu unayompigia mteja hujaitengeneza, lakini Mwingereza husema "make a phone call". Uharibifu ni kitu kinachobaki na kuonekana, lakini husema "do damage". Haya ni mazoea ya lugha, kama yetu ya kupiga simu, kupiga kura na kupiga pasi, au kukata tiketi na kukata rufaa. Mgeni akituambia "nitakufanyia simu kesho" tutamwelewa, ila tutajua papo hapo kwamba ni mgeni.

Turudi kwenye barua. Kosa, malipo na uamuzi vyote huenda na "make": "make a mistake", "make a payment", "make a decision". Matatu hayo yamekwisha.

Utafiti ndio wenye kazi, kwa kuwa kwenye "make a research" kuna makosa mawili. La kwanza ni kitenzi: utafiti huenda na "do", au "conduct" na "carry out" kama barua ni rasmi. La pili hujificha, na hubaki hata kitenzi kikisharekebishwa. Kwa kawaida neno "research" halihesabiki, kwa hiyo halipokei "a" mbele yake. Andika "we did some research". Ukitaka kuhesabu tafiti zako, badili nomino useme "a study" au "two studies". Kamusi za wanafunzi, kama za Oxford na Longman, huliwekea neno hilo alama ya "uncountable" au kifupi chake "U". Katika kamusi hizo tafuta nomino, usitafute kitenzi. Ukifungua "make" utakutana na maana chungu nzima. Ukifungua "mistake" au "research", mifano iliyopo itakuonyesha kitenzi chake.

Sentensi ya mwisho ndiyo inayonitia wasiwasi. "We will make the meeting" ni Kiingereza safi kabisa, ila hakisemi alichokusudia afisa wetu. Yeye anataka kusema mkutano utafanyika Alhamisi. Msomaji aliyezoea Kiingereza ataelewa kwamba wao wataweza kuhudhuria mkutano ulioitishwa na mtu mwingine. Bosi anaweza kuanza kuuliza ni nani ameuitisha, au asijue kwamba anatakiwa kualika watu. Kilichotakiwa ni "we will hold the meeting" au "we will have the meeting".

Ipo pia njia ya kulikwepa tatizo lote, nayo mara nyingi huifanya barua iwe fupi. Nomino nyingi kati ya hizi zina kitenzi chake. Badala ya kuhangaika na "make a payment", andika "pay"; badala ya "make a decision", andika "decide". Barua yetu inakuwa hivi:

"We did some research on the three suppliers. Last month we made a mistake and paid twice. Kindly decide by Friday. We will hold the meeting on Thursday."

Anayesoma "did a mistake" ataguna kidogo, kisha ataelewa na kuendelea. Anayesoma "make the meeting" hataguna hata kidogo, na ataelewa vingine. Ukibakiwa na dakika moja kabla ya kutuma barua yako, anza kukagua hiyo ya mkutano.