Kompyuta mbili, daftari moja: namna ya kuokoa mistari yenye kupotea ndani ya Dropbox

Tuchukue ushirika mmoja wa wakulima wa kahawa. Katibu iko Bukavu, mweka hazina iko Kalehe. Kila mmoja iko na kompyuta yake, na bote mbili banaandika ndani ya faili moja, hesabu.xlsx: jina la mkulima, tarehe, kilo alizoleta. Faili hiyo inakaa ndani ya folda ya Dropbox, ile programu yenye kutuma mabadiliko kutoka kompyuta moja kwenda ingine kupitia intaneti. Siku ya malipo, mkulima mmoja anasema: «Mimi nilileta kilo zangu, mama aliandika mbele ya macho yangu.» Ndani ya faili, jina lake haliko.

Mama aliandika kweli. Mistari yake iko ndani ya faili ingine, pembeni, yenye jina refu ambalo hakuna mtu aliyeifungua.

Kwanza, usivute vyote

Akaunti ya bure ya Dropbox inapokea gigabaiti 2. Sema ushirika huu uko na folda mbili: Hesabu, yenye megabaiti 20 hivi, na Picha, yenye megabaiti 1400. Mweka hazina ananunua mega kwa simu. Kama kompyuta yake inavuta folda zote mbili, picha ndizo zitamumalizia mega, na hesabu itabaki inangojea nyuma yao. Tena, kadiri faili inavyochelewa kufika, njo vile mgongano unakuwa karibu.

Dawa yake ni kuchagua folda za kuteremka. Bonyeza alama ya Dropbox chini ya skrini, karibu na saa. Bonyeza picha au herufi za jina lako, kisha Preferences, kisha Sync. Hapo utaona Selective sync na kifungo Select folders. Toa alama mbele ya Picha, kisha kubali. (Kama programu yako iko katika kifaransa, tafuta Synchronisation sélective.) Folda Picha itatoka kwenye kompyuta hii tu. Inabaki kwenye dropbox.com na kwa katibu kule Bukavu. Lakini kwenye akaunti inaendelea kula fasi ileile ndani ya gigabaiti 2.

Angalisho: usifanye kazi hii kwa kufuta folda kwa mkono. Ukifuta Picha ndani ya folda mnayoshiriki, inafutika kwa bote. Na ukiisha kuitoa kwa Selective sync, usitengeneze folda ingine yenye jina lilelile fasi ileile, juu Dropbox itaongeza maneno «Selective Sync Conflict» kwenye jina lake, na utakuwa na folda mbili za kukuchanganya.

Kitu cha mwisho: faili yenye alama ya wingu iko kwenye intaneti tu. Bila konekshoni haifunguki. Kwa folda Hesabu, bonyeza kifungo cha kuume cha mauzi, chagua Make available offline, ungojee alama ya kijani.

Mgongano unatoka wapi

Tarehe 13, faili iko na wakulima 212, na kompyuta zote mbili ziko sawa. Tarehe 14 asubuhi, rezo inakatika Kalehe. Mweka hazina anaendelea na kazi: anaongeza mistari 17, tena anasahihisha mstari mmoja wa zamani, kilo 84 ambayo ilipaswa kuwa 48. Siku ileile, katibu mwenye konekshoni anaongeza mistari yake 9. Mangaribi rezo inarudi Kalehe.

Dropbox inaona faili mbili zilizotoka kwenye mzizi mmoja na zikabadilika kila moja kwa njia yake. Haijui kuziunganisha, na haitaki kufuta kazi ya mtu. Kwa hiyo inaweka zote mbili. Yenye kufika ya kwanza inalinda jina hesabu.xlsx. Ya pili inapewa jina namna hii:

```
hesabu (compta-pc's conflicted copy 2024-03-14).xlsx
```

Katika kifaransa utasoma «copie en conflit». Jina lenye kuwa mule linaonyesha nakala imetoka kwa nani, na tarehe ya mgongano.

Hapa njo watu wengi wanakosea. Wanafikiri yenye jina fupi ndiyo ya kweli, na ile ingine ni takataka. Hapana. Yenye jina fupi iliwahi kufika tu. Ukifuta ya pili, wakulima 17 wanakosa malipo, na mmoja analipwa kilo 36 za bure.

Kuunganisha, hatua kwa hatua

Pigia mwenzako simu kwanza. Bote bafunge faili, na mtu asiandike tena mpaka kazi iishe. Mmoja peke yake ndiye anaunganisha. Ngojea Dropbox iseme kila kitu kiko sawa, kisha nakili faili zote mbili inje ya folda, kwa mfano kwenye kile ya USB. Ukikosea, utarudia hapo.

Sasa fungua zote mbili. Hesabu ya kufikia inajulikana mbele: 212 na 9 na 17 ni 238. Ya katibu iko na 221, nakala ya mgongano iko na 229. Tafuta mstari wa 212, wa mwisho wenye kufanana. Yote yenye kufuata ndani ya nakala, ile mistari 17, inakili na uibandike chini ya mistari ya katibu.

Lakini kuongeza mistari hakutoshi, juu masahihisho ya zamani hayaonekani kwa macho. Leta karatasi ya nakala ndani ya faili ya katibu, uiite nakala, na ile ingine uiite hesabu. Kama kilo ziko kwenye safu D na vichwa kwenye mstari wa 1, andika hii fasi tupu, kwenye mstari wa 2, kisha uvute mpaka mstari wa 213:

```
=hesabu!D2=nakala!D2
```

Fasi zote zitasema TRUE (katika kifaransa VRAI). Moja itasema FALSE (FAUX): njo ile ya 84 na 48. Usichague kwa kubahatisha, uliza aliyepima. Fanya vilevile kwa safu ya majina. Jaribio hili ni la kweli paka kama hakuna mtu aliyebadilisha mpangilio wa mistari.

Ukifika 238, toa safu ya majaribio na karatasi ya nakala, rekodi, ngojea mwenzako aone 238 kwake pia. Hapo tu ndipo ufute nakala ya mgongano. Kwenye akaunti ya bure, faili iliyofutwa inaweza kurudishwa kupitia dropbox.com ndani ya siku 30.

Isirudi tena

Rezo ya Kalehe itakatika tena, na ombi la «tusiandike pamoja» halitashika. Njia yenye kudumu ni kila mtu na faili yake: hesabu-bukavu.xlsx na hesabu-kalehe.xlsx. Kila mmoja anaandika mu yake, anasoma ya mwenzake bila kugusa, na mwisho wa mwezi mmoja anaziweka pamoja. Na kila siku ya kwanza ya juma, andika conflicted, ao conflit, ndani ya kisanduku cha kutafuta cha folda. Kama kitu kinatokea, mngali na siku za kusahihisha mbele ya wakulima kupanga mstari.