Karani Kaondoka, Kompyuta Yake Bado Inasoma

Karani wa duka letu la vipuri alipoacha kazi tulimuaga vizuri, tukabadilisha nywila ya baruapepe siku hiyohiyo, tukajiona tumemaliza. Wiki iliyofuata mteja akauliza mbona ujumbe wake wa WhatsApp umesomwa lakini hajajibiwa. Kumbe namba ya duka ilikuwa bado imeunganishwa na kompyuta ya karani nyumbani kwake, na nywila ya baruapepe haiigusi WhatsApp hata kidogo. Kwenye simu ya duka tukafungua `Linked devices`, tukaikuta kompyuta hiyo, tukabonyeza `Log out`. Nywila ya waifai nayo tukaibadilisha, tukawapa waliobaki. Hata namba ya siri ya simu ya malipo. Yeye ndiye aliyeichagua.