Kwa Fundi Inafungua, kwa Mteja Inakwama

Programu ya hesabu za kikoba imekamilika. Mtengenezaji anabonyeza kitufe cha kuingia kwa akaunti ya Google, na simu yake inafungua bila tabu. Inapandishwa Play Store, wanachama wanaipakua, na kila anayechagua akaunti yake anarudishwa pale pale alipoanzia. Msimbo haujaguswa hata mstari mmoja.

Akiunganisha simu na kompyuta na kusoma kumbukumbu zake kwa `adb logcat`, huenda akakuta ujumbe mkavu:

```
ApiException: 10
```

Namba 10 ni `DEVELOPER_ERROR`. Neno la siri la mwanachama halina kosa. Google ndiyo haikuitambua programu inayobisha hodi.

Google huitambua programu ya Android kwa vitu viwili: jina la kifurushi, tuseme `com.mfano.kikoba`, na alama ya cheti kilichoitia saini, iitwayo SHA-1, yenye tarakimu na herufi 40. Vyote viwili sharti viwe vimesajiliwa pamoja. Jina halibadiliki, lakini saini hubadilika njiani.

Wakati wa majaribio, Android Studio hutia saini kwa ufunguo iliojitengenezea yenyewe kwenye kompyuta hiyo, na ndiyo maana hata mwenzake aliye kwenye kompyuta nyingine anaweza kukwama. Toleo la kupandishwa dukani hutiwa saini kwa ufunguo wa pili, wa mtengenezaji mwenyewe. Wengi husajili alama za funguo hizo mbili wakadhani wamemaliza. Kumbe upo wa tatu: tangu Agosti 2021 programu mpya hupandishwa kwa muundo wa AAB, na Google huzitia saini upya kwa ufunguo inaoutunza yenyewe. Saini inayofika kwenye simu ya mwanachama ni hiyo ya tatu.

Kuthibitisha si kazi. Toleo lililotiwa saini nyumbani kwa ufunguo wa pili likifungua, na lile la dukani likigoma, mchawi ameshajulikana.

Dawa iko Play Console, kwenye ukurasa wa App signing. Hapo kuna vyeti viwili vinavyochanganya watu: `Upload key certificate` na `App signing key certificate`. SHA-1 inayotakiwa ni ya hiki cha pili. Inanakiliwa na kuongezwa kwenye mipangilio ya mradi Firebase, au kufunguliwa kitambulisho kipya cha aina ya Android katika Google Cloud. Zile za zamani zisifutwe, maana majaribio yatakufa. Kitambulisho cha aina ya Web kilichomo kwenye msimbo nacho kiachwe kama kilivyo. Wapo wanaokibadilisha kwa papara wakazua tatizo jipya.

Kwa kawaida hakuna haja ya kupandisha toleo jingine, kwa kuwa ukaguzi hufanyika kwenye seva za Google. Subiri dakika chache, kisha jaribu tena.

Anayetaka kuepuka aibu hii aipitishe programu kwanza kwenye `Internal testing`, ambako hutumika saini ile ile ya dukani. Asiichanganye na `Internal app sharing`: hiyo ina ufunguo wake mwingine kabisa.