Naomba hadi Ijumaa

Mhasibu wa Dar es Salaam amepokea barua ya ajira Jumatatu asubuhi. Mshahara umeandikwa, lakini muda wa majaribio haumo. Ajibu siku hiyohiyo, hata kama hajaamua, kwa sababu mwajiri asiyesikia neno huanza kumpigia simu aliyeshika nafasi ya pili.

Jibu lenyewe ni fupi:

“Nashukuru sana kwa kunipa nafasi ya mhasibu. Naomba niipitie barua kwa makini, nami nitawapa jibu langu kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa. Naomba pia kufahamishwa muda wa majaribio ni miezi mingapi.”

Uzito wa barua hii uko kwenye ile Ijumaa. Ukiandika “nipeni muda kidogo” unamwacha mwajiri gizani, ila ukitaja siku anaweza kupanga kazi zake. Siku tatu hadi tano kwa kawaida hazimkwazi mtu. Wiki mbili zitamfanya ahisi unasubiri ofa nyingine. Sababu za kifamilia si lazima kuzieleza. Kama barua imeweka tarehe ya mwisho iliyo karibu zaidi, omba kusogezewa kabla haijapita.

Katika siku hizo usiache kazi uliyo nayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, kwa hiyo siku ya kuripoti ihesabu kuanzia utakaposaini mkataba mpya na kukabidhi notisi.